Tiketi Ishirini na Tatu, Ahadi Moja

Shirika dogo linalotengeneza programu za kompyuta kwa fedha za ruzuku huishi na nyaraka mbili ambazo karibu hazifahamiani. Moja ni mkataba na mfadhili. Umeandikwa kwa lugha ya ahadi: kufikia mwezi fulani mtumiaji ataweza kufanya jambo fulani, na likithibitika fungu fulani la fedha litalipwa. Nyingine ni mfumo wa kufuatilia kazi, mahali ambapo waandishi wa programu huorodhesha kila wanachotakiwa kufanya. Kila kazi humo huitwa tiketi. Ina namba yake, ina mtu aliyepewa, na ikiisha hufungwa. Tiketi haisemi habari za ahadi. Husema mambo kama "fomu inaganda ukigeuza simu" au "badilisha maktaba ya ramani".

Robo mwaka ikiisha, mtu mmoja hukaa katikati ya nyaraka hizo akiwa na siku chache za kuandika taarifa ya utekelezaji. Kwa kawaida ni mratibu wa mradi, naye pengine hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Mbele yake ana ahadi nne au tano na tiketi mia na zaidi, na lazima aseme ni zipi zimetimiza ipi. Njia rahisi, na ndiyo inayotumika sana, ni kuzihesabu. Hapo ndipo taarifa nyingi huanza kusema uongo bila mtu yeyote kukusudia.

Mfano unaojulikana wa watu waliolishughulikia jambo hili hadharani ni Mradi wa Tor, unaotengeneza kivinjari cha kumsaidia mtumiaji kuficha nyendo zake mtandaoni. Ulisajiliwa kuwa shirika lisilo la faida nchini Marekani mwaka 2006, na kwa miaka mingi umepata fedha kutoka kwa wafadhili kadhaa kwa wakati mmoja, wakiwemo idara za serikali ya nchi hiyo. Mfumo wao wa kazi uko wazi kwa kila mtu. Ndani yake wafadhili walipewa herufi, baadaye namba, na tiketi zikaandikwa zinamhusu nani. Utakutana na alama kama `Sponsor27-must` na `Sponsor27-can`. Ya kwanza ni kazi ambayo lazima ifanyike ili ahadi kwa mfadhili wa 27 itimie. Ya pili ni kazi inayoweza kuingia chini ya ufadhili huo, lakini isipofanyika hakuna ahadi iliyovunjika.

Ukiitazama kijuujuu, tofauti hiyo ni ndogo. Kwangu mimi ndiyo kitu chenye thamani kuliko vyote katika utaratibu mzima, kwa sababu inakiri jambo ambalo hesabu ya tiketi hulificha: kazi mbili zikifungwa siku moja, moja inaweza kuwa ndiyo ahadi yenyewe na nyingine ikawa pambo tu.

Tuione kazi hii kwa karibu. Chukua timu ya kufikirika ya watu wanne: waandishi wa programu wawili, mbunifu wa kurasa na mratibu. Wanatengeneza programu ya simu inayotumiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kusajili wajawazito katika vijiji ambako mtandao hupatikana kwa kubahatisha. Ruzuku yao ni ya mwaka mmoja. Hatua ya pili ya mkataba, ambayo wao huiita M2, ina thamani ya euro 9,000, nayo imegawanywa mara tatu. Sehemu ya kwanza, euro 4,000: mhudumu aweze kumsajili mama bila mtandao na taarifa zibaki kwenye simu hata ikizimika. Ya pili, euro 3,500: simu ikipata mtandao, taarifa zifike kwenye seva bila kupotea wala kujirudia. Ya tatu, euro 1,500: programu ijaribiwe na wahudumu kumi, na ripoti ya majaribio iandikwe.

Timu inatumia GitHub. Hapo kuna kitu kinachoitwa `milestone`, kapu la kuwekea tiketi za hatua moja, na juu ya kapu kuna mstari wa rangi unaojaa kadiri vilivyomo vinavyofungwa. Mwisho wa Septemba 2024 kapu la M2 lina vitu 26, na 23 vimefungwa. Mstari unasoma asilimia 88. Mratibu akiwa na haraka atainakili asilimia hiyo, ataandika kwamba hatua ya pili inakaribia kukamilika, kisha atatuma.

Sasa tulifungue kapu lenyewe. Vitu vitano kati ya 23 si tiketi hata kidogo. Ni maombi ya kuunganisha, yaani furushi la mabadiliko ambalo mwandishi humkabidhi mwenzake alikague kabla halijaingia kwenye programu. GitHub inaruhusu tiketi na ombi la kuunganisha vikae kapu moja, na kila kimoja kinahesabika peke yake. Kwa hiyo kazi tano zimehesabiwa mara mbili: mara moja kama tatizo, mara nyingine kama suluhisho. Zinabaki 18. Nne kati ya hizo zilifungwa bila kufanyiwa kazi: mbili zilikuwa marudio ya tiketi nyingine, na mbili timu iliamua kutozifanya. Mstari wa rangi haujali. Kwake kufungwa ni kufungwa. Zinabaki 14.

Hadi hapa hakuna haja ya kumsumbua mtu, kwa maana utafutaji mmoja unatoa jibu hilo hilo:

```
is:issue milestone:M2 closed:2024-07-01..2024-09-30 reason:completed
```

Neno la kwanza linaacha nje maombi ya kuunganisha, tarehe zinabana kipindi cha taarifa, na la mwisho linachukua tu tiketi zilizofungwa kwa sababu kazi imekamilika. Hilo la mwisho linategemea uaminifu wa vidole. Anayefunga tiketi huchagua sababu mwenyewe, na asipochagua chochote mfumo unachukulia kuwa kazi imefanyika. Ndiyo maana mratibu anayejua kazi yake huzipitia hizo 14 kwa macho, japo kwa kusoma maoni ya mwisho tu katika kila moja. Ni kazi ya saa moja, na ukigundua jambo si vibaya kumuuliza aliyehusika.

"Kaka, 112 imefungwa. Kwenye simu za wahudumu ipo?"

"Imeshaunganishwa, dada, ila toleo jipya tunatoa wiki ijayo."

Jibu hilo linafungua mlango mwingine. Tiketi ina siku zake za maana tatu: siku mwandishi alipomaliza, siku mabadiliko yalipounganishwa kwenye programu kuu, na siku toleo lenye mabadiliko hayo lilipowafikia watumiaji. Mfumo hufunga tiketi siku ya pili. Mkataba, ukisema "mhudumu ataweza", unazungumzia siku ya tatu. Kati ya siku hizo mbili panaweza kupita wiki, na mwisho wa kipindi cha taarifa ukiangukia hapo katikati, kitu kinaonekana kimekamilika huku hakuna aliyekishika. Kujua ukweli si kazi ngumu. Kila badiliko lina namba yake ya utambulisho, na mwandishi wa programu anaweza kuuliza ni matoleo gani yanayo badiliko hilo:

```
git tag --contains 4f2a91c
```

Jina la toleo likitokea, limetoka. Isipotokea kitu, bado liko jikoni. Katika kapu letu tiketi mbili ziko jikoni, 112 ikiwa mojawapo. Zinabaki 12.

Hizo 12 ndizo za kupeleka kwenye ahadi, na hapo mambo yanageuka tena. Nane zinahusu kusajili bila mtandao. Tatu zinahusu kupeleka taarifa kwenye seva. Moja inahusu rangi ya kitufe cha kuingilia. Iliwekwa kapuni kwa sababu tu ilifanyika wiki ile ile. Haihusu ahadi yoyote, nayo inaondolewa bila lawama. Kwa ile sehemu ya tatu, ya majaribio na wahudumu kumi, hakuna tiketi hata moja.

Anayesoma hesabu peke yake ataamua kwamba sehemu ya kwanza imeiva, ya pili imeanza vizuri, na ya tatu haijaguswa. Mawili kati ya hayo matatu si kweli.

Majaribio yalishafanyika. Mratibu mwenyewe alikwenda, akakaa na wahudumu wote kumi, akaandika walipokwama, na ripoti ya kurasa sita iko kwenye kompyuta yake. Mipango ilifanyika kwa simu na kundi la WhatsApp, nauli zikapita kwa mhasibu, na hakuna aliyefikiria kufungua tiketi kwa sababu tiketi ni "mambo ya madevelopa". Hili ni la kawaida mno. Mfumo wa kufuatilia kazi unaiona kazi ya programu na kuipita kimya kazi ya watu: mafunzo, tafsiri, mikutano na wizara, kuandika mwongozo. Halafu ndizo kazi ambazo wafadhili wengi huziuliza kwanza. Dawa yake ni nyepesi kiasi cha kuchekesha. Kila kipengele cha mkataba kipewe walau tiketi moja, hata kama hakina mstari wa programu ndani yake, na ushahidi wake uambatanishwe hapo.

Sehemu ya pili ndiyo yenye hatari. Tiketi tatu zimefungwa, moja ya zile zilizobaki wazi ni namba 131, na kichwa chake kinasema: "Wahudumu wawili wakihariri mama mmoja, wa mwisho anafuta wa kwanza." Tuseme mhudumu wa asubuhi ameandika shinikizo la damu la mama bila mtandao. Jioni mwenzake, naye bila mtandao, amesahihisha namba ya simu ya mama huyo huyo. Simu zote mbili zinapopata mtandao, iliyochelewa inapeleka rekodi nzima kama inavyoijua, na shinikizo la damu linatoweka bila onyo. Mkataba umesema "bila kupotea". Tiketi hiyo moja iliyo wazi ina uzito kuliko zote tatu zilizofungwa, kwa kuwa ikiwa hai, ahadi haijatimia, hata zingefungwa mia nyingine pembeni yake.

Utajuaje mapema kwamba 131 ndiyo yenye uzito? Hapa ninao msimamo, nao sijaona sababu ya kuubadilisha. Usianze kwa kupanga tiketi chini ya ahadi. Anza kwa kuandika, chini ya kila ahadi, jaribio moja ambalo mtu asiye wa timu anaweza kulifanya akajua ndiyo au hapana. Kwa sehemu ya pili jaribio linaweza kuwa hivi: chukua simu mbili, zima mtandao, sajili akina mama 25 kwa kila simu, washa mtandao, ukate katikati, uwashe tena, na rekodi zikishafika kwenye simu zote mbili, zima mtandao, hariri mmoja wao kwenye simu zote mbili, kisha uwashe. Seva iwe na rekodi 50, si 49 wala 51, na yule aliyehaririwa awe na mabadiliko yote mawili. Likishaandikwa, kila tiketi unaiuliza swali moja tu: hii ikibaki wazi, jaribio litashindwa? Jibu likiwa ndiyo, ni ya lazima. Likiwa hapana, ni ya hiari hata ingekuwa nzuri namna gani. Kumbe zile alama mbili za Tor si suala la hisia za mtu. Zinatoka kwenye jaribio.

Timu yetu ilipofanya hivyo, sehemu ya pili ilibaki na tiketi tatu tu za lazima: mbili zilizofungwa na hiyo 131. Ile nyingine iliyofungwa ilikuwa ya kuonyesha mshale unaozunguka wakati taarifa zinapelekwa. Ni mshale mzuri, wahudumu waliupenda, lakini hauwezi kuokoa rekodi.

Alama zenyewe ziwe fupi na zifuate namba za mkataba, siyo majina ya kazi. `M2b` itabaki `M2b` hata timu ikibadilisha njia ya kuifikia, wakati lebo inayoitwa "kusawazisha" itavutwa huku na huku hadi iwe na maana tano. Kapu nalo lina mipaka yake: kwenye GitHub tiketi moja inaweza kukaa kwenye `milestone` moja tu, na timu nyingi hulitumia kapu kwa matoleo ya programu. Basi kapu liachiwe matoleo na lebo zichukue ahadi, kwa sababu lebo zinaweza kuwa nyingi kwa tiketi moja. Na zibandikwe siku tiketi inapofunguliwa. Lebo zinazobandikwa wiki ya kuandika taarifa huandikwa na mtu mwenye njaa ya kuonyesha kazi, naye bila hila yoyote ataona kila kitu kinafanana na ahadi. Hivyo ndivyo kitufe cha rangi kilivyoingia M2.

Kuna tiketi zinazohusu wafadhili wawili, na hapa utani uwekwe kando. Tuseme timu ina ruzuku nyingine ya kuboresha usalama, na kazi ya kuhamia kwenye hifadhidata mpya inasaidia kote kuwili. Kuitaja kazi hiyo katika taarifa zote mbili siyo kosa, imesaidia kote. Kosa ni kuidai mara mbili. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kanuni zinazoitwa 2 CFR 200 zinataka gharama ipelekwe kwa kila ruzuku kulingana na manufaa iliyopata, na mishahara iungwe mkono na kumbukumbu za kazi iliyofanyika kweli. Makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi. Tiketi siyo karatasi ya saa za kazi. Inaweza kuonyesha kwamba kazi ilifanyika na nani aliifanya, lakini haisemi ilichukua saa tatu au siku tisa. Mhasibu anayegawa mishahara kwa kuhesabu tiketi anajenga juu ya mchanga. Njia iliyo salama ni kila tiketi iwe na mlipaji mmoja, na kazi ya pamoja ikatwe tiketi mbili au zaidi, hata kama mikono inayozifanya ni ile ile. Panapokuwa hapakatiki, mgawanyo uamuliwe na kuandikwa ndani ya tiketi kabla kazi haijaanza.

Uzito wa mambo haya hutegemea mfadhili analipia nini. Wako wanaolipa matokeo. NLnet, taasisi ya Uholanzi inayotoa ruzuku ndogo ndogo kwa miradi ya programu huria, nyingine zikitokana na fedha za Tume ya Ulaya, hukubaliana na mpokeaji orodha ya kazi na thamani ya kila moja, kisha hulipa kazi ikikamilika na ushahidi ukionekana. Kwa mfadhili wa namna hiyo saa zako hazina nguvu. Jaribio ndilo lenye nguvu. Timu yetu ingeomba euro 4,000 za sehemu ya kwanza na 1,500 za sehemu ya tatu, jumla 5,500, ikaacha 3,500 hadi 131 ifungwe na toleo litoke. Wako pia wanaorudisha gharama, na kwao mshahara wa mwezi unalipwa hata kama ahadi bado iko njiani. Lakini hao nao wanataka maelezo. Kanuni hizo hizo za Marekani zinasema taarifa ya utekelezaji ilinganishe kilichofanyika na kilichokusudiwa na, pasipofikiwa, itoe sababu. Zinasema pia kwamba tatizo litakalochelewesha lengo linaripotiwa mara linapojulikana, bila kungoja mwisho wa kipindi. Kwa hiyo kugundua 131 Agosti na kuitaja Oktoba ni kuchelewa, hata kama taarifa yenyewe imeandikwa vizuri.

Taarifa inayotokana na kazi hii huwa fupi kuliko ile ya asilimia. Kwa sehemu ya pili ingesomeka hivi: "Taarifa zilizoingizwa bila mtandao sasa zinafika kwenye seva bila kujirudia. Tulijaribu kwa simu mbili na rekodi 50. Zote 50 zilifika ingawa mtandao ulikatwa katikati. Sehemu hii haijakamilika: wahudumu wawili wakihariri rekodi moja, mabadiliko ya kwanza hupotea (tiketi 131). Marekebisho yameanza, yatatoka katika toleo la Novemba, na malipo ya sehemu hii hatuyaombi sasa. Hadi hapo wahudumu wameelekezwa kwamba kila mama ahaririwe na mhudumu mmoja." Mfadhili akimaliza kusoma anajua kilichopo, alivyopimiwa, kilichokosekana na nani anaathirika. Tiketi 11 zenye uhusiano na ahadi zinakwenda kwenye kiambatisho, kwa namba na kichwa, ili mwenye kutaka kuchimba achimbe.

Kitu kimoja cha kukagua kabla ya kutuma ni viungo. Mwandishi wa taarifa huvifungua kwenye kompyuta yake, vinafunguka, anaridhika. Amesahau kwamba yeye ameingia kwa akaunti ya timu. Hazina ya programu ikiwa ya faragha, GitHub humwonyesha mgeni ukurasa wa 404, ule ule unaotokea kitu kikiwa hakipo kabisa. Mfadhili akibofya ushahidi na kuambiwa haupo, umejiharibia jina bure. Vifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yoyote. Vilivyo vya siri kwa haki vibaki siri: tiketi ya udhaifu wa kiusalama ambao haujazibwa haianikwi kwa sababu ya taarifa, na ripoti ya majaribio haiwekwi kwenye tiketi ya wazi ikiwa na picha za skrini zenye majina ya akina mama. Hapo unaandika maelezo mafupi, unataja toleo lenye marekebisho, na ushahidi wenyewe unampa mfadhili kwa njia mliyokubaliana.

Ahadi nazo hubadilika. Timu inaweza kugundua mwezi wa tano kwamba sehemu ya pili inahitaji kitu tofauti na kilichoandikwa. Kishawishi ni kuhamisha lebo taratibu hadi tiketi mpya zifanane na ahadi ya zamani. Usihamishe. Mwandikie mfadhili, pata kibali kwa maandishi, na weka nakala ya kibali ndani ya tiketi ya kipengele hicho. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kubadilisha upeo wa mradi kunahitaji idhini kabla, siyo taarifa baada.

Taarifa ikishatumwa, orodha iliyoizaa igandishwe. Mfumo wa kazi ni kitu hai: mwezi ujao mtu atafungua tena tiketi iliyofungwa, mwingine atabadilisha kichwa, wa tatu atafuta lebo asiyoielewa, na utafutaji ule ule wa Septemba utatoa jibu jingine. Pakua orodha kama ilivyokuwa siku ile, andika tarehe na utafutaji uliotumika, ihifadhi pamoja na taarifa. Wakaguzi hawaji siku ya pili yake. Kanuni za Marekani zinataka kumbukumbu za ruzuku zitunzwe miaka mitatu tangu taarifa ya mwisho ya fedha iwasilishwe, na katika muda huo timu inaweza kuwa imehama mfumo mzima. Tor wenyewe walihama mwaka 2020, kutoka mfumo uitwao Trac kwenda GitLab, na tiketi za zamani zikahamishiwa huko. Shirika la watu wanne huenda lisipate wa kufanya uhamisho wa uangalifu namna hiyo, lakini faili la orodha yenye namba, vichwa, lebo, tarehe za kufungwa na toleo la kila kazi linaingia kwenye barua pepe moja.